Petroli, dizeli au haibridi kwa safari ndefu, barabara mbovu na mafuta ya kubahatisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa madereva wanaokula kilomita nyingi kwa wiki, nusu yake vumbi na mashimo, na wanaojaza mafuta popote yanapowaishia. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja. Kabla ya kuuliza gari linakunywa mafuta gani, uliza mafuta hayo yanapulizwa kwenye injini kwa presha gani.

Gari lipi linavumilia mafuta mabaya kuliko mengine?

Ni petroli ya kawaida isiyo na taboja, ile ambayo nozeli zake zinapulizia kwenye njia ya hewa, nje ya silinda. Presha ya mafuta humo ni kama bar 3, yaani imezidi kidogo tu upepo wa tairi la gari dogo. Kwa presha hiyo nozeli si kitu cha usahihi wa kutisha. Ikipata uchafu kidogo itapulizia ovyo, injini itatetemeka, utaisafisha au utaibadilisha na maisha yataendelea.

Sasa chukua dizeli ya kisasa ya komoni reli, ambayo nozeli zake zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, yaani reli. Hapo presha inafika bar 1,600, na nyingine zinavuka 2,000. Ili presha hiyo isivuje, nafasi kati ya sindano ya nozeli na kiota chake huachwa maikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70. Chembe ya vumbi ambayo hata huioni kwa jicho inapita humo kama msasa.

Katikati yao kuna makundi mawili ambayo watu huyasahau. Kuna dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika, ambazo presha yake ni ndogo sana kuliko ya komoni reli. Na kuna petroli za kisasa zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda, zenye pampu ya presha kubwa inayosukumwa na kamshafti, bar 50 hadi 200 na hata zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua petroli, haina matatizo", muulize petroli ipi. Hizi mbili ni ndugu kwa jina tu.

Haibridi nyingi, kwa upande wa mafuta, ni gari la petroli. Swali lile lile linaihusu: inapulizia wapi, na kwa presha gani?

Mbona wanaofanya kazi nzito miaka yote wamekuwa wakichagua dizeli?

Wana sababu za kweli. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli kwa kiasi cha asilimia kumi na kitu, na injini yenyewe inaitumia vizuri zaidi. Tenki lile lile linakufikisha mbali zaidi, na hilo ni jambo kubwa pale ambapo kituo kijacho kiko mbali. Ukiwa na mzigo mgongoni unapanda mlima kwa mizunguko michache ya injini bila kuikamua.

Ila sifa ya dizeli kwamba "inakula chochote" ilijengwa na injini za aina nyingine. Fikiria 1HZ ya Toyota: lita 4.2, silinda sita, haina taboja, pampu ya kimakanika. Injini hiyo ilistahili jina lake. Anayenunua pikapu mpya ya komoni reli kwa sababu mjomba wake alizunguka na 1HZ miaka ishirini ananunua sifa ya gari jingine, na hili ndilo kosa ninaloliona likigharimu watu kuliko yote.

Ni nini hasa kinachoua nozeli za dizeli?

Maji kwanza, kisha uchafu, kisha mafuta ya taa.

Maji huingia kwenye tenki la chini la kituo kwa mvua, kwa mifuniko isiyoziba, na kwa unyevu unaogeuka matone usiku kwenye tenki lisilojaa. Ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini kimya. Siku lori la mafuta linaposhusha mzigo, yanavurugika pamoja na tope lote la chini, na anayejaza saa hiyo ndiye anayeyapata.

Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo. Nilijaza lita 60 kwenye kituo kimoja huku lori likishusha pembeni. Baada ya kama kilomita 40 taa ya maji kwenye filta ikawaka. Nilikuwa na haraka, nikajiambia nitashughulika nayo mji unaofuata, kilomita 15 mbele. Gari likaanza kutetemeka, kisha likajibana nguvu. Nilipofungua filta na kukinga kwenye chupa ya kioo, robo ya chupa ilikuwa maji. Nikayamwaga, gari likaondoka vizuri, nikadhani nimepona.

Wiki mbili baadaye gari likaanza kuwa gumu kuwaka asubuhi. Fundi akafanya kipimo ambacho kila mwenye komoni reli anapaswa kukijua. Alichomoa mipira ya mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, akaielekeza kwenye chupa nne za plastiki zinazolingana, akaacha injini ingurume dakika chache. Chupa tatu zilipanda kama vidole viwili. Ya nne ilikaribia kujaa. Nozeli ile ilikuwa imeliwa ndani, na mafuta yalirudi nyuma badala ya kujenga presha. Zile kilomita 15 ndizo zilizoiua.

Mafuta ya taa yanaua kwa njia nyingine, na polepole. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu ya presha, kwa sababu mle ndani hamna oili. Ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa inakuwa nyepesi, ulainishaji unapungua, na vyuma vinaanza kusagana. Gari halitakwambia kitu kwa majuma kadhaa. Dalili utaiona siku ya kubadilisha filta: mimina mafuta yaliyobaki kwenye chombo cheupe, kisha yageuze juani. Ukiona yanametameta kama yamewekwa unga wa fedha, hicho ni chuma cha pampu yako. Hapo usikubali kubadilishiwa nozeli peke yake. Chuma kimeshasambaa kwenye reli, mabomba na tenki, na nozeli mpya zitakufa kwa chembe zile zile.

Ninaweza kupima mafuta kabla hayajaingia kwenye gari?

Unaweza kwa kiasi fulani, na vifaa vyote vinaenea kwenye mfuko mdogo.

Kwa petroli, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli nzuri hukauka ndani ya dakika moja au mbili na haiachi kitu cha maana. Ikibaki duara lenye mafuta ambalo halikauki, kuna kitu kizito ndani, na mara nyingi ni mafuta ya taa. Kwa dizeli kipimo hiki hakina maana, kwa sababu yenyewe inaacha doa hata ikiwa safi.

Kipimo cha pili ni haidromita ndogo ya kioo, inayoonyesha uzito wa mafuta ukilinganisha na maji. Petroli huwa kati ya 0.72 na 0.775, dizeli kama 0.82 hadi 0.86, na mafuta ya taa yanaangukia katikati, karibu na 0.80. Kwa hiyo mafuta ya taa yanaifanya petroli iwe nzito na dizeli iwe nyepesi. Namba hizo ni za joto la nyuzi 15, na mafuta ya moto husoma chini zaidi. Ndiyo maana ninashauri uandike kisomo cha mafuta unayoyaamini kwa joto la mchana wa kawaida, kisha ulinganishe na hicho. Mchakachuaji wa kiasi kidogo atakupita, lakini wa kiasi kikubwa utamkamata.

Na kipimo cha tatu hakihitaji kifaa: lori likiwa linashusha, pita. Kama huna njia nyingine, jaza lita chache za kukufikisha mbele.

Nikichukua dizeli ya komoni reli, ni matunzo gani yasiyokwepeka?

Ni filta, na tena filta. Kitabu cha gari kikisema ibadilishwe kila kilomita 20,000, kinazungumzia mafuta safi. Kwa mafuta ya kubahatisha mimi nabadilisha kila 5,000 na sijuti. Nunua filta halisi au ya kampuni inayojulikana, maana filta ya bandia inafanana kwa nje lakini karatasi yake inaachia chembe ambazo ya kweli ingezizuia. Beba moja ya akiba, pamoja na spana ya kuifungulia.

Kumwaga maji ni kazi ya dakika kumi, nayo ifanywe kila wiki ya safari. Zima injini na iache ipoe. Weka chupa ya kioo chini ya filta, legeza skrubu ya chini mizunguko miwili au mitatu, kisha bonyeza kipampu cha mkono kilicho juu mpaka mafuta yatoke. Acha chupa itulie. Dizeli nzuri ina rangi ya majani makavu na unaona kupitia kwake. Maji yatakaa chini, yakiwa na mstari uliokatika wazi kati yake na dizeli. Ukiinamisha chupa, matone yake yanabiringika chini bila kuchanganyika. Ukiona ukungu kama maziwa yaliyochujuka, maji yamesambaa kwenye mafuta, na hayo filta inahangaika nayo zaidi. Funga skrubu, bonyeza kipampu mpaka kiwe kigumu, ndipo uwashe.

Kwa anayesafiri hasa kwenye mafuta mabaya, naunga mkono kufungiwa kitenganisha maji cha ziada kabla ya filta ya kiwandani, chenye bakuli la kuona ndani. Kiwe na chujio pana, la kama maikroni 30, kwa sababu kazi yake ni kukamata maji na chembe kubwa, na uchujaji mwembamba unabaki kwa filta ya asili. Ukiweka chembamba mno unaibana pampu. Viungo vya mpira navyo vifungwe sawasawa: upande ule mafuta yanavutwa, kwa hiyo kiungo kilicholegea hakidondoshi tone. Kinavuta hewa, na gari linakuwa gumu kuwaka bila sababu ya kuonekana.

Chujio la masizi la dizeli mpya linanihusu?

Linakuhusu sana. Chujio hili liko kwenye ekzosi, linakusanya masizi, kisha gari linayachoma lenyewe kwa kupandisha joto mpaka karibu nyuzi 600. Safari ndefu ni rafiki yake, kwa sababu ekzosi inapata moto wa kutosha. Adui ni salfa. Magari ya kiwango cha moshi cha Euro 5 na 6 yameundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Ukiyalisha dizeli yenye mamia ya sehemu, kataliti inalemewa, uchomaji haukamiliki, na gari linaanza kuchoma tena na tena.

Utaligundua kwenye kijiti cha kupimia oili. Kiwango cha oili kikipanda badala ya kushuka, na ukinusa unasikia dizeli, ujue mafuta yanayopulizwa kwa ajili ya kuchoma masizi yanateremkia kwenye oili. Oili hiyo imeshakuwa nyepesi, ibadilishe mara moja kabla haijala beringi. Salfa pia inazaa asidi ndani ya injini, ndiyo sababu oili ya kubadilishwa kila 10,000 inafaa ibadilishwe kila 5,000.

Dizeli zenye tenki la yurea, kimiminika cha kusafisha moshi, zinaongeza mzigo mwingine. Yurea ikikwisha kabisa, magari mengi ya aina hiyo yanakataa kuwaka ukishayazima. Kama njia yako haina mahali pa kuinunua, beba ya kutosha au usinunue gari hilo. Gari la dizeli la kiwango cha chini, cha Euro 2 hadi 4, mara nyingi linakufaa zaidi kuliko lile jipya la kupendeza.

Na petroli mbaya inafanya nini?

Inagonga. Ukipanda mlima na mzigo, ukikanyaga, unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo la bati. Okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia mbano bila kujilipua, imeshuka, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa nyundo. Magari ya kisasa yana sensa inayosikia kugonga huko na kuchelewesha cheche, kwa hiyo badala ya mlio utahisi gari limekuwa zito na linakunywa zaidi. Kwa injini isiyo na taboja, punguza mguu, rudisha gia, kimbia kwa utulivu mpaka utakapochanganya na mafuta mazuri. Kwa injini ndogo yenye taboja hali ni mbaya zaidi, kwa sababu presha ndani ya silinda tayari ni kubwa. Kugonga kwa muda mfupi chini ya mzigo kunaweza kuvunja pistoni.

Fungua plagi kila kilomita 10,000 uziangalie. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu inaweza kuwa ni mafuta ya taa, au filta ya hewa iliyojaa vumbi. Nyekundu kama kutu ni alama ya kemikali za kupandisha okteni zenye chuma au manganizi. Zikizidi zinapitisha umeme juu ya kauri ya plagi na injini inakosa moto. Kwa hiyo chupa zile za kuongeza okteni zisiwe mazoea.

Pampu ya petroli nayo inakaa ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe. Kukimbia na robo ya mwisho kila siku kunaichosha na kunaivutia tope la chini. Ukifika nusu, jaza.

Haibridi ina maana yoyote kwenye barabara mbovu?

Ina maana kuliko watu wanavyodhani, na ina mipaka ambayo wauzaji hawaisemi.

Watu husema faida ya haibridi ni mjini tu. Kwenye lami iliyonyooka, kwa mwendo mmoja, ni kweli kwamba betri haina kazi kubwa, na nafuu inabaki ile ya injini yenyewe kutumia mafuta kwa ufanisi. Lakini angalia unavyoendesha kwenye mashimo: unakimbia, unashika breki, unapita taratibu, unakimbia tena. Kila breki ile gari la kawaida linaitupa kama joto. Haibridi inairudisha kwenye betri na kuitumia kuondokea. Kwenye mteremko mrefu, hata hivyo, betri inajaa baada ya muda mfupi, na kuanzia hapo unategemea injini kukushikilia. Tumia alama ya `B` kwenye gia, usikalie breki.

Kwa mafuta mabaya, haibridi yenye nozeli za presha ndogo inavumilia kama petroli nyingine. Watu wanaogopa wakisoma kwamba injini ya Prius ya kizazi cha pili ina mbano wa 13 kwa 1, wakidhani itataka okteni ya juu. Haitaki, kwa sababu vali zake za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, na mbano halisi ni mdogo kuliko namba hiyo. Gia yake nayo haina klachi wala mkanda wa kuteleza, na hiyo ni baraka ya kweli kwenye vumbi.

Mipaka ni mitatu. Wa kwanza ni kimo. Haibridi nyingi za bei nafuu ni magari ya chini, na nyaya za umeme mkubwa za rangi ya chungwa zinapita chini ya sakafu. Kagua kinga za chini kabla ya kila msimu wa mvua, na usilipitishe kwenye maji yanayofika sakafuni.

Wa pili ni vumbi kwenye betri. Chukua Prius hiyo hiyo: betri ina vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo, jumla volti 201.6, na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Ukisafiri na madirisha wazi kwenye vumbi, feni ile inavaa koti la vumbi na nywele, hewa inapungua, betri inachemka kidogo kidogo. Kipande kimoja kikidhoofika, betri nzima inalalamika. Niliwahi kuona feni iliyofunguliwa ambayo mapezi yake yalikuwa yameziba kabisa, kama sufu, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa anunue betri mpya. Safisha feni hiyo kila mwaka, na kila miezi mitatu kama wewe ni wa vumbi. Usiweke mizigo mbele ya tundu.

Wa tatu unawashtua wengi: usiishiwe petroli. Katika mifumo mingi ya aina hii betri kubwa ndiyo inayowasha injini, wala hakuna stata ya kawaida. Mafuta yakiisha gari litasogea kidogo kwa betri, na ukiendelea kuilazimisha mpaka ifike chini kabisa, hata ukiletewa petroli injini inaweza isizunguke. Ikizima kwa kukosa mafuta, acha palepale, jaza, ndipo uwashe.

Hesabu ya mafuta inasemaje kwa mwaka?

Ifanye kwa lita, ndipo utaweza kuihamishia kwenye fedha yoyote. Tuseme unakwenda kilomita 1,000 kwa wiki, wiki 50, jumla 50,000. Pikapu ya petroli itumie lita 12 kwa kilomita 100, ya dizeli lita 9. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Petroli itakula lita 6,000, dizeli 4,500. Dizeli imekuachia lita 1,500, kama bei ya lita inalingana.

Sasa uliza gereji bei ya seti ya nozeli na kazi yake, uigawanye kwa bei ya lita. Tuseme ni sawa na lita 1,200, na filta za ziada za mwaka ni sawa na lita 150. Nozeli zikikufa mara moja kwa miaka mitatu, unatoa lita 400 kwa mwaka, na bado una faida ya lita 950. Zikikufa kila mwaka, faida inabaki lita 150, na hapo hujahesabu siku ulizolala barabarani. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeendesha njia hiyo kwa dizeli ni moja: nozeli zako zimekaa muda gani?

Kwa magari madogo, saluni ya petroli ikila lita 7.5 na haibridi 5.5, kwa kilomita zile zile haibridi inaokoa lita 1,000 kwa mwaka. Betri mbadala ikiwa sawa na lita 1,500, imejilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Hesabu hiyo inavunjika mara gari linapoanza kugonga chini kila safari.

Wewe ungechukua lipi?

Kwa abiria wachache na mzigo mwepesi, petroli isiyo na taboja, yenye nozeli za nje ya silinda na kimo cha kutosha. Inakunywa zaidi na nakubali. Kwa mzigo mzito kila siku, dizeli ya kiwango cha chini yenye kitenganisha maji cha ziada, na mimi mwenyewe ndiye ninayeshika chupa ya kumwagia maji. Haibridi ningeichukua kama barabara inapitika kwa gari la chini na kuna fundi anayeweza kuisoma betri kipande kwa kipande. Petroli ndogo yenye taboja na nozeli za ndani ya silinda ndiyo ningeiacha, hata nikipewa kwa bei nzuri.

Nimeshajaza mafuta mabaya na niko njiani. Nifanyeje?

Kama ni petroli kwenye gari la dizeli, usifungue hata swichi, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya tenki inaanza kusukuma mara unapoifungua. Livutwe, tenki likamuliwe.

Kama ni dizeli na taa ya maji imewaka, simama mahali salama pa kwanza. Mwaga filta kwenye chupa, rudia mpaka yatoke safi. Maji yakiendelea kuja baada ya mara tatu, tenki lenyewe limejaa, na hakuna filta itakayokufikisha. Fungua skrubu ya chini ya tenki kama gari lako linayo, kinga lita kadhaa za kwanza kwenye ndoo, zitulie, uangalie mstari wa maji uko wapi.

Kama ni petroli yenye maji, gari litakatakata na kuzima, hasa ukikata kona au kupanda, mafuta yanapohama ndani ya tenki. Kidogo kinaweza kupita kwa kuongeza petroli nzuri na kwenda polepole. Kikiwa kingi, tenki lishushwe.

Kwa vyovyote, hifadhi nusu lita ya mafuta hayo kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, andika tarehe na kituo, na ukae na risiti. Fundi atakayepokea gari ataanzia kwenye chupa hiyo badala ya kubahatisha, na mwenye kituo hawezi kubishana na maji yaliyotulia chini ya dizeli mbele ya macho yake.